Skrini ya kukaribisha na hatua za mwanzo za apu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote hapa yanatumia mfano mmoja, apu ya Android ya kuweka rekodi za kikoba (Kenya mtasema chama). Wanachama wananunua hisa kila wiki, kuna mfuko wa jamii, kuna faini, kuna mikopo, na mweka hazina ndo anaandika vyote. Nimechagua hii kwa sababu wanaoifungua mara ya kwanza ni wa kila aina, kuna kijana wa chuo na kuna mama wa sokoni aliyetumiwa linki na mwenzake.

## Mambo ya msingi

1. Skrini ya kukaribisha kazi yake ni nini hasa?

Kumwambia mtu amefika penyewe na kumwonyesha pa kubonyeza, basi. Kuisifia apu sio kazi yake, manake mtu ameshaipakua na bando lake limeshaenda, hapo unamuuzia kitu alichokwisha kukubali.

Kwenye apu yetu ya kikoba skrini ina sentensi moja, "Ona hisa, mikopo na faini zako bila kusubiri kikao", halafu batani mbili: "Nimealikwa kwenye kikoba" na "Naanzisha kikoba kipya". Chini kabisa kwa maandishi ya kawaida kuna "Nina akaunti tayari". Hizo batani mbili ndo muhimu kuliko picha yoyote utakayomlipa mchoraji, kwa sababu aliyealikwa na anayeanzisha wana safari tofauti kabisa, na usipowatenganisha hapa utajikuta unamwuliza mwanachama wa kawaida bei ya hisa ni shilingi ngapi wakati yeye hahusiki nayo.

Usiichanganye na ile skrini ya nembo inayotokea apu ikiwa inawaka. Kuanzia Android 12 mfumo wenyewe unaiweka kwa kila apu, kwahiyo ukiongeza ya kwako juu yake mtu anaona nembo mara mbili na anadhani simu imekwama.

2. Zile slaidi tatu nne za kutelezesha niziweke au nizitoe?

Mimi naziondoa. Slaidi inamweleza mtu kitu ambacho hajakiona bado, inamwambia "hapa utaomba mkopo" wakati hapo penyewe hapajulikani ni wapi, na akifika kwenye kuomba mkopo wiki tatu baadaye hakumbuki chochote. Wengi wanapitisha kidole haraka haraka wafike mwisho, na walioweka batani ya "Ruka" wanajua hilo.

Kuna wakati slaidi moja inastahili, nayo ni pale apu inapofanya kitu ambacho mtu atakielewa vibaya na akaumia. Apu yetu inaandika rekodi tu, haishiki pesa. Mtu akidhani kwamba akibonyeza "Andika mchango" basi hela imetoka kwenye simu yake, hapo kuna ugomvi kikaoni. Hiyo sentensi, "Apu hii inaandika tu, pesa mnapeana wenyewe", inastahili kukaa mahali asipoweza kuikwepa, na hata hapo naona inakaa vizuri zaidi juu ya batani ya kuandika mchango kuliko kwenye slaidi.

3. Hatua ziwe ngapi?

Usianze na namba. Jiulize ni kitu gani mtu akikiona atasema "aah, kumbe", halafu hesabu ni nini hasa lazima kitangulie. Kwa mwanachama kitu chenyewe ni kuona hisa zake mwenyewe kwa jina lake. Chukua mpangilio wa zamani, wa aina unaouona kwenye apu nyingi: slaidi nne, chagua lugha, jina, namba ya simu, barua pepe, neno la siri, rudia neno la siri, picha, ruhusa ya majina ya simu, ruhusa ya meseji, ruhusa ya notifikesheni, kisha ukurasa wa mwanzo ambao ni mtupu.

Sasa pitia kimoja kimoja ukiuliza "bila hiki hisa zake hazionekani?" Lugha inasomwa kwenye setingi za simu. Jina mweka hazina alishaliandika. Barua pepe haina kazi yoyote. Neno la siri halihitajiki kama unathibitisha namba kwa meseji. Picha itasubiri, ruhusa zote zitasubiri. Vinabaki viwili tu, namba ya kikoba na namba ya simu. Kwahiyo safari inakuwa hivi: anabonyeza "Nimealikwa", anaandika namba ya kikoba, anathibitisha simu, anaona "Hisa zako: 12 × Sh 5,000 = Sh 60,000. Mara ya mwisho umechanga Jumamosi." Hapo ndo amepokelewa.

## Usajili na ruhusa

4. Mtu ajisajili kwanza ndo aone apu, au aone kwanza?

Inategemea kuna nini cha kuona bila kumjua. Apu ya habari au ya mapishi mwache aingie, utamwuliza akitaka kuhifadhi kitu. Ya kikoba rekodi ni za watu na haziwezi kuonekana hovyo, kwahiyo uthibitisho unatangulia. Ila unaweza kumwonyesha kidogo kabla ya hapo, akishaandika namba ya kikoba mwandikie "Kikoba: Tumaini, mkutano kila Jumamosi", ajue hajapotea, halafu ndo umwombe simu. Majina ya wanachama na hela usionyeshe chochote hapo.

Namba ya kikoba iwe fupi, herufi na tarakimu tano zinatosha, na usitumie O na 0 wala I na 1, kwa sababu hizi namba zinasomwa kwa sauti kikaoni na zinaandikwa kwenye karatasi. Kama mtu kaja kupitia linki ya Play Store unaweza kuipachika namba humo humo na apu ikaisoma yenyewe baada ya kuwekwa, kwa kutumia Play Install Referrer:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=com.mfano.kikoba&referrer=kikoba%3DTM4K7
```

Usiifute sehemu ya kuandika kwa mkono hata hivyo. Watu wanarushiana apu kwa Xender au WhatsApp, na aliyeipata hivyo haji na referrer yoyote. Na kama ulikuwa unategemea Firebase Dynamic Links, huduma ile ilifungwa Agosti 2025.

5. Namba ya uthibitisho ikija kwa meseji, kwanini watu wengi wanaishia hapo?

Kwa sababu wanatoka kwenye apu kwenda kusoma meseji, wakirudi wanakuta imeanza upya (hilo liko swali la 10), au meseji imechelewa na hawaoni la kufanya. Skrini hiyo iseme namba imetumwa wapi, "Tumetuma kwa 0712 xxx 345", iwe na "Badilisha namba" karibu karibu, na saa inayohesabu kushuka kabla ya "Tuma tena". Na namba ya simu ipokelewe vyovyote itakavyoandikwa, ikianza 07, 06, 255 au +255, ikiwa na nafasi katikati au haina, kazi ya kuipanga ni ya apu.

Kusoma meseji yenyewe hauhitaji ruhusa ya SMS, na Play Store wanaibana sana ruhusa hiyo. Tumia SMS Retriever. Meseji isizidi baiti 140 na mwishoni iwe na ile alama ya herufi 11 inayotambulisha apu yako, na simu inaisubiri kwa dakika tano:

```
Namba yako ya Kikoba ni 482913

FA+9qCX9VSu
```

Hapa kuna mtego unaowapata madevelopa wengi: alama ile inatokana na cheti kilichosaini apu, na Google akikusainia apu yeye huko Play alama inabadilika. Kwenye simu yako inajaza yenyewe vizuri, kwa watu haijazi, na wewe huoni kosa lolote popote. Ukiona hali hiyo, itengeneze alama upya kwa cheti cha Play.

6. Ruhusa niombe lini?

Pale mtu anapobonyeza kitu kinachoihitaji, sio mwanzoni. Hii sio adabu tu, ina hesabu yake. Kuanzia Android 11 mtu akikataa ruhusa ileile mara mbili mfumo hauonyeshi tena lile boksi, ni mpaka aende mwenyewe kwenye setingi, na wangapi wataenda? Kwahiyo una nafasi mbili, na ukiitumia ya kwanza sekunde ya tatu baada ya apu kuwaka umeitupa.

Notifikesheni ni mfano mzuri. Tangu Android 13 apu mpya inabidi iombe. Kwetu sisi tunaiomba baada ya mtu kuona hisa zake na kubonyeza "Nikumbushe siku ya mchango", hapo swali linakuja likiwa na maana yake tayari. Majina ya simu usiyaombe kabisa kwa mwanachama. Watu wamechoshwa na apu za mikopo zilizokuwa zinapigia ndugu na mabosi wao, mpaka Google mwaka 2023 akazikataza apu za mikopo binafsi kugusa majina na picha za simu, na mtu akiona boksi hilo kwenye apu yenye neno "mkopo" ndani yake anaifuta palepale. Mweka hazina anayetaka kuingiza wanachama thelathini naye anaweza kuchagua mmoja mmoja kupitia orodha ya simu yenyewe, `ACTION_PICK`, ambayo haihitaji ruhusa ya kusoma majina yote.

## Kueleza bila kumchosha mtu

7. Sasa kama hakuna slaidi, mtu atajuaje apu inafanya nini?

Atajua akifika kwenye kitu chenyewe. Maelezo ya mkopo yakae kwenye ukurasa wa mkopo mara ya kwanza anapoufungua, mstari mmoja juu: "Unaweza kuomba mpaka mara tatu ya hisa zako. Kwako wewe ni Sh 180,000." Hiyo inafundisha kanuni na hesabu yake kwa pamoja, na ni namba zake mwenyewe, sio za mtu wa kwenye picha. (Mara tatu ni kanuni ya hicho kikoba cha mfano, ichukue kwenye katiba ya kikundi.)

Vile viputo vinavyoibuka na kufunika skrini nzima giza, "bonyeza hapa kuona michango", "sawa", "bonyeza hapa kuona faini", "sawa", hivyo ni slaidi zilezile zimevaa nguo nyingine. Kama aikoni inahitaji kiputo ndo ieleweke, iandikie jina chini yake. Kiputo kimoja kwa kitu kisichoonekana kirahisi, mfano kutelezesha mstari ili kurekebisha mchango, sawa, kionyeshe mara moja na kiondoke mtu akigusa popote.

8. Anayeanzisha kikoba kipya anakuta kila kitu kitupu, nimwekee data za mfano?

Kwenye apu ya hela hapana. Nimeshaona watu wanaandika michango ya kweli juu ya wanachama wa mfano, halafu kuzitenganisha ni kazi ya usiku mzima. Ukurasa mtupu utumie kumwelekeza, kitu kimoja kwa wakati.

Mwanzilishi aulizwe vitu viwili tu mwanzoni, jina la kikoba na bei ya hisa moja. Halafu ukurasa wa mwanzo unasema "Bado hakuna mwanachama" na batani moja kubwa "Ongeza mwanachama wa kwanza". Akishaongeza, batani hiyohiyo inageuka "Andika mchango wa kwanza". Faini, riba ya mkopo, mfuko wa jamii, siku ya kugawana, vyote vina thamani ya kuanzia na vinakaa kwenye setingi mpaka siku vitakapohitajika, yaani mtu wa kwanza akichelewa kikao ndo apu inauliza "Faini ya kuchelewa kwenu ni shilingi ngapi?" Wengi huwa wanataka kuuliza yote siku ya kwanza kwa hoja kwamba "ni mambo ya msingi", lakini mweka hazina wengi hawayajui kwa kichwa, yako kwenye katiba, na katiba iko kwenye sanduku nyumbani kwa mwenyekiti.

9. Maneno ya kwenye batani na sentensi yaweje?

Yataje kitendo. "Ona hisa zangu" inashinda "Endelea", na "Anza" haimwambii mtu kitu. Tumia maneno ambayo kikundi kinatumia, hisa, jamii, faini, kuvunja kikoba, usiwaletee "pochi ya uwekezaji".

Jingine, batani iliyopangwa kwa maneno ya Kiingereza ikijazwa Kiswahili inakatika, "Thibitisha namba ya si..." na nukta tatu. Ipime kwenye simu ya skrini ndogo huku ukiwa umekuza maandishi mpaka mwisho kwenye setingi, kwa sababu watu wazima wengi wanazikuza. Cha kuangalia ni kama batani kuu imesukumwa chini nje ya skrini, maana mtu haoni kwamba kuna kushusha, anaona tu hakuna pa kubonyeza.

## Hali zisizo za kawaida

10. Mtu akikatishwa katikati na simu iliyopigwa?

Simu za RAM ndogo zinaua apu iliyoko nyuma bila hata kuuliza, kwahiyo kwenda kusoma meseji tu kunatosha. Kila hatua ikikamilika ihifadhi kwenye simu, namba ya kikoba, namba ya simu, na saa meseji ilipotumwa, ili akirudi akute skrini ileile na vile alivyoandika. Kujaribu, washa "Don't keep activities" kwenye setingi za madevelopa kisha pitia safari yote ukitoka na kurudi. Halafu iue kabisa ikiwa nyuma uone:

```
adb shell am kill com.mfano.kikoba
```

11. Namba aliyothibitisha sio ile mweka hazina aliyoandika, inakuwaje?

Hii inatokea sana kwa wenye laini mbili. Usimwambie "Mtumiaji hapatikani". Mwambie "Namba hii haipo kwenye kikoba cha Tumaini. Una laini nyingine?" na umpe njia mbili, kujaribu namba nyingine au kumtumia mweka hazina ombi la kumkubali. Asiwekwe ndani moja kwa moja hata akijua jina la mwanachama, kwa sababu majina hayo kila mtu wa mtaani anayajua.

Na asiye na simu ya apu kabisa asilazimishwe kuwa nayo. Mweka hazina amwandikie, apate meseji ya kawaida kila akichanga, siku akinunua simu anaingia kama swali la 3.

12. Mtu kanunua simu mpya, kafungua apu, haoni skrini ya kukaribisha wala hajaingia. Kwanini?

Auto Backup ya Android. Inarudisha SharedPreferences kwenye simu mpya, pamoja na ile alama yako ya "ameshaona karibisho", lakini akaunti haikurudi. Apu inamruka inampeleka ukurasa wa ndani ambao hauna chochote. Dawa ni kuitoa alama hiyo kwenye backup kupitia `dataExtractionRules`, na bora zaidi usiamue kwa alama, amua kwa kuangalia kama kuna akaunti iliyoingia.

13. Nimeongeza kipengele kipya, niwaonyeshe wote karibisho upya?

Hapana. Mtu ameifungua aandike mchango wakati foleni ya watu iko mbele yake kikaoni. Weka mstari mmoja kwenye ukurasa unaohusika, kama ilivyo kwenye swali la 7, na uondoke akishautumia au akiufunga.

## Kujua kama inafanya kazi

14. Nipimeje kabla ya kutoa?

Mpe mtu ambaye hajaiona simu yenye apu mpya na karatasi yenye namba ya kikoba, mwambie "umealikwa, tafuta una hisa ngapi", halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu. Angalia kidole kinasita wapi, na sikiliza maswali, akiuliza "hapa naandika namba ipi?" basi skrini ina namba mbili zinazofanana, namba ya kikoba na namba ya simu, na jina la kisanduku halijatosha. Kabla ya mtu mwingine safisha simu irudi kama mpya, ruhusa zikiwemo:

```
adb shell pm clear com.mfano.kikoba
```

15. Na baada ya kutoa, niangalie namba zipi?

Rekodi matukio machache: karibisho limeonekana, njia imechaguliwa, kikoba kimepatikana, simu imethibitishwa, hisa zimeonekana. Usipeleke kwenye takwimu namba za simu wala kiasi cha hela, Kenya kuna sheria ya kulinda data ya 2019 na Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022, na kwa kazi hii hauvihitaji.

Tuseme katika watu 100 walioona karibisho 93 wanachagua njia, 88 wanapata kikoba, 52 wanathibitisha simu, 50 wanaona hisa. Hapo usiguse skrini ya kwanza hata kidogo, tatizo liko kwenye meseji, rudi swali la 5. Zitenganishe kwa mtandao wa simu: kama waliokwama wengi ni wa mtandao mmoja, basi meseji zenyewe hazifiki na dizaini haina kosa. Wakiwa wamesambaa mitandao yote, angalia wangapi walitoka kwenye apu na kurudi kabla ya kukwama, ukikuta ni wengi fungua swali la 10.

Na anayeona hisa akafunga apu palepale usimhesabu kama amepotea. Alikuja kuangalia hisa, kaziona. Utamwona tena Jumamosi ya kikao.